Doti ya ishirini iko ngazi gani?

Mama mmoja wa Masasi aliagiza khanga doti ishirini kwa kijana muuzaji wa jumla wa Mtaa wa Uhuru, Kariakoo. Hesabu alishaipiga kwenye daftari lake la dukani: doti 20 kwa shilingi 11,500 ni 230,000. Akatuma pesa kwa simu, kamili, akasubiri namba ya basi. Kilichokuja ni ujumbe wa kumtaka aongeze 20,000.

"Kaka, mbona unanizidishia?"

"Mama, soma tangazo. Tano mpaka ishirini ni kumi na mbili mia tano. Kumi na moja mia tano ni zaidi ya ishirini."

"Na wewe soma mstari wa chini. Umeandika jumla ni korija. Korija si ishirini?"

Muuzaji akakwama. Mzigo hatimaye ulikwenda kwa 230,000, lakini kwa shingo upande, na yule mama hajaagiza tena tangu hapo. Kijana mwenyewe ndiye aliyeniletea simu yake nione alikokosea, kwa kuwa kazi yangu kwa miaka mingi ni kuwapangia wauzaji wa jumla orodha zao za bei. Tangazo lilikuwa hili:

```
KHANGA MPYA MPYA
Doti 1-5 @14,000
Doti 5-20 @12,500
Zaidi ya 20 @11,500
Zaidi ya 100 @10,800
Jumla mwisho korija moja. Majina yote yapo!
```

Ukiliona kwa haraka halina tatizo. Limefupishwa vizuri, bei zinashuka kwa mpangilio, na kila anayeuza Kariakoo ana la namna hiyo kwenye stetasi yake ya WhatsApp. Nilimwomba kijana anijibu swali moja tu: doti tano ni bei gani? Akasema kumi na mbili mia tano. Msaidizi wake aliyekuwa anafunga mzigo pembeni akasema kumi na nne. Wote wawili wanauza duka moja.

Tano imeandikwa mara mbili, kwenye mstari wa kwanza na wa pili. Mteja mwenye doti tano atasoma mstari unaompendelea, na hakosei. Ishirini nayo imeandikwa kama namba mwishoni mwa mstari wa pili na tena kwenye "zaidi ya 20", kisha ikarudi kwa mlango wa nyuma ikiitwa korija. Mia moja haijulikani iko wapi. Kwa kuwa tangazo linasema "zaidi ya 100", mwenye doti mia kamili yuko bado kwenye 11,500. Ngazi ya chini inaanzia 101. Nilipomuuliza kijana kama alikusudia hivyo, alicheka. Mia ni mia, alisema.

Neno lililomponza ni "zaidi". Kiswahili hapa hakina utata wowote: zaidi ya ishirini ni ishirini na moja kwenda juu. Lakini mdomoni tunalitumia kwa ulegevu, tukimaanisha "ishirini hivi na kuendelea", na ulegevu huo ndio unaoingia kwenye tangazo. Nadhani pia kuna chanzo kingine. Wengi wa wanaoleta bidhaa kutoka Yiwu na Guangzhou wamejifunza kupanga bei kwa kutazama kurasa za Alibaba, ambako ngazi ya mwisho huandikwa kwa alama: ≥ 100. Alama ile husomwa "kubwa kuliko au sawa na". Inapotafsiriwa kwa haraka kwenye tangazo letu, "sawa na" inadondoka njiani na kubaki "zaidi ya 100". Mstari mdogo ule chini ya alama umebeba doti nzima.

Maneno yasiyo na shaka tunayo, tena ya kawaida. "Kuanzia doti 20" inaibeba ishirini yenyewe. "Doti 20 na kuendelea" vilevile. "Zisizopungua 20" ni sahihi ila ina harufu ya ofisini. "Hadi" na "mpaka" kwa masikio ya wengi huibeba namba inayotajwa, ila usiitegemee peke yake. Iandike namba inayofuata kwenye mstari wa chini ili isibaki nafasi ya kubishana. Ukiandika "6 hadi 19" na chini yake "20 hadi 99", hakuna anayeweza kuuliza ishirini iko wapi. Kila namba inakaa kwenye mstari mmoja tu.

Angalia pia neno "kuanzia" limesimama upande gani. "Kuanzia doti 20, bei 11,500" linahesabu mzigo. "Khanga kuanzia 10,800" linahesabu pesa, na hapo mteja wa doti mbili atakuja na 21,600 mkononi. Wapo wanaoandika hivyo makusudi ili simu ilie. Simu italia kweli, lakini nusu ya siku itaishia kuwaeleza watu kwamba bei waliyoiona si yao.

Hilo la mipaka ni rahisi kulirekebisha, nusu saa inatosha. Lililo gumu zaidi ni lile ambalo kijana hakuwa ameliona kabisa: tangazo lake lilikuwa linamwadhibu anayenunua zaidi.

Chukua doti 20 kwa bei iliyoandikwa, 12,500. Ni 250,000. Sasa chukua doti 21, ambazo zimeingia kwenye 11,500. Ni 241,500. Mwenye doti moja zaidi analipa pungufu ya 8,500. Nilipomwonyesha kwenye kikokotoo alidhani nimebonyeza vibaya, akaipiga mwenyewe.

Hata tukihamisha mpaka ukakaa pale alipokusudia, yaani 20 ipate 11,500, shimo halizibiki lote. Doti 19 kwa 12,500 ni 237,500. Doti 20 kwa 11,500 ni 230,000. Na shimo linakuwa pana kadiri ngazi inavyokwenda mbali. Doti 100 kwa 10,800 ni 1,080,000. Doti 99 kwa 11,500 ni 1,138,500. Mtu anaondoka na doti pungufu moja na amelipa 58,500 zaidi. Ukirudi nyuma moja moja utakuta shimo hilo linaanzia doti 94, ambazo ni 1,081,000. Doti 93 ndizo za kwanza kutoka salama, kwa 1,069,500.

Kuna njia ya haraka ya kujua upana wa shimo bila kupiga hesabu zote hizo. Chukua punguzo kwa asilimia, zidisha kwa namba ya mpaka. Kutoka 11,500 hadi 10,800 ni kama asilimia 6. Asilimia 6 ya 100 ni 6, na kweli kuna namba sita shimoni, 94 hadi 99. Kutoka 12,500 hadi 11,500 ni asilimia 8. Asilimia 8 ya 20 ni moja na ushee, na kweli imo moja tu, 19. Ngazi ya kwanza, ya doti sita, haina shimo kwa sababu sita ni namba ndogo: doti tano kwa 14,000 ni 70,000, doti sita kwa 12,500 ni 75,000. Ndiyo maana muuzaji mdogo anaweza kuishi na ngazi zake miaka na miaka asione kitu, halafu siku anapoongeza ngazi ya mia mbili au mia tano ndipo ugomvi unaanza.

Wengine huniambia dawa ni kupunguza tofauti kati ya bei na bei. Jaribu. Ili doti 100 zisiwe rahisi kuliko 99, bei ya mia isishuke chini ya 11,385. Yaani umempunguzia mteja wa doti mia shilingi 115 kwa kila doti. Hakuna mtu atakayeacha kununua sabini akanunua mia kwa ajili ya shilingi 115.

Dawa ya pili ni kukata kwa vipande, kama kodi ya mshahara inavyokatwa. Mwenye kipato cha kutozwa kodi cha 300,000 kwa mwezi hatozwi kwa 300,000 zote. 270,000 za mwanzo hazina kitu, na asilimia 8 inakatwa kwenye zile 30,000 zilizozidi, sawa na 2,400. Ukiuza khanga kwa mtindo huo, doti 5 za mwanzo zinabaki 14,000, ya 6 hadi ya 19 zinabaki 12,500, na zile zinazofuata ndizo zinazopata 11,500. Shimo linatoweka kabisa, hakuna namba inayomwadhibu mtu. Lakini mimi simshauri muuzaji wa khanga kufanya hivyo. Mteja aliyesikia "korija ni kumi na moja mia tano" anazidisha mara ishirini, basi. Ukimletea hesabu ya vipande atajiona ameibiwa hata kama ulimwandikia, na wewe mwenyewe utaikosea saa kumi jioni duka likiwa limejaa. Mtindo huo unafaa kwenye mikataba ya mwaka, ambako ankara inatengenezwa na kompyuta.

Ninachokiandika mimi ni sentensi moja chini ya ngazi, ya kuweka dari: "Doti 94 hadi 99 utalipa 1,080,000, sawa na bei ya doti 100." Kijana aliogopa kwamba anatoa bure. Hatoi. Mwenye doti 99 akilipa 1,080,000, kila doti imemfikia kwa zaidi kidogo ya 10,909, bado iko juu ya ile 10,800 ambayo muuzaji mwenyewe amekubali kuuzia. Dari hiyo haiwezi kumshusha chini ya bei yake ya mwisho. Na kwa kawaida mteja akiisoma huongeza hizo doti chache zilizobaki, maana pesa ni ile ile.

Sentensi ya pili isiyokosekana ni ile ya kusema ngazi inashika mzigo wote au zile zilizozidi tu. Wauzaji wanaona ni jambo la wazi, na kwa sababu hiyo hawaliandiki. Andika: "Ukifika ngazi, doti zako zote zinapata bei ya ngazi hiyo." Maneno kumi, na swali linaisha.

Sasa tuje kwenye mstari wa chini, ule wa korija. Una makosa matatu kwenye maneno manne.

Kosa la kwanza ni "jumla" lenyewe. Neno hili linafanya kazi mbili kwetu: biashara ya jumla kwa upande mmoja, na jumla ya hesabu kwa upande mwingine. "Bei ya jumla 230,000" ni bei ya kuuzia wachuuzi, au ndiyo pesa yote unayotakiwa kutuma? Kwenye orodha ya bei mimi huliacha "jumla" libaki na maana ya biashara, na pesa yote huiita "utalipa" au "malipo yote". Ukiamua kinyume chake pia sawa, mradi usichanganye ndani ya tangazo moja.

La pili ni "mwisho". Sokoni "bei mwisho ngapi" ni swali la kila siku, na anayeuliza anataka bei ya chini kabisa. Lakini "mwisho korija moja" mbele ya mtu asiyekujua inaweza kuwa kikomo cha juu: hauziwi zaidi ya korija. Miezi ya mzigo adimu wauzaji huweka kweli kikomo cha namna hiyo, kwa hiyo si wazo la ajabu. Sema "angalau" au "kuanzia", na "mwisho" mwachie anayepatana bei dukani.

La tatu ni korija. Ni neno zuri la kale la wafanyabiashara wa nguo, na maana yake ni ishirini. Ishirini za nini? Khanga huuzwa kwa doti, na doti ni vipande viwili vyenye pindo, mji na jina moja, vikitoka kiwandani havijakatwa. Mtu aliyezoea kuhesabu doti, korija kwake ni doti ishirini. Aliyezoea mashuka au mashati, korija ni pisi ishirini. Akiileta hesabu hiyo kwenye khanga anapata doti kumi. Nimekuta oda iliyoharibika hivyo hivyo, mteja akidai doti kumi kwa bei ya korija na akiamini kwa dhati kwamba amenunua ishirini. Kizazi cha vijana wanaonunua kwa simu kinajua dazeni, na dazeni ni kumi na mbili, na wapo wanaodhani korija ni jina jingine la dazeni. Litumie neno kama unalipenda, ila liwe na namba pembeni: "korija moja, yaani doti 20".

Kama una wateja wa Mombasa kuna la nyongeza. Khanga kwao ni leso. Leso kwetu Bara ni kitambaa cha mkononi. Muuzaji aliyeandika "leso doti 20" ili kuwafurahisha wa Mombasa aliulizwa na mteja wa Dodoma kama leso zinauzwa kwa doti siku hizi. Jina la bidhaa likiwa na sura mbili, weka yote mawili na picha.

Lakini hata ukiyasafisha maneno, mstari ule unapingana na ngazi zilizo juu yake. Kama jumla inaanzia ishirini, bei ya doti 1 hadi 5 inafanya nini hapo? Mama wa Masasi akiagiza doti nane, atatumiwa au hatatumiwa? Hapa kalamu inabidi iwekwe chini kwanza, muuzaji aulizwe anachokitaka. Nilimuuliza: hiyo korija umeiweka ya nini?

Akaeleza vizuri kabisa. Anayekuja dukani anauziwa hata doti moja. Akichukua sita anapewa bei ya mchuuzi. Ila kutuma mkoani ni kazi: kuna wa kuchagua majina, wa kufunga, mfuko, uzi, bodaboda mpaka kituo cha mabasi, na kusubiri risiti ya mzigo ili aipige picha na kumtumia mteja. Anakadiria kwamba vyote hivyo vinamgharimu 9,000 kwa mzigo, uwe wa doti sita au thelathini. Kwa doti sita ni 1,500 kwa kila doti, na faida imekwisha. Kwa doti ishirini ni 450. Kwa hiyo korija yake haihusu bei hata kidogo. Inahusu basi.

Kumbe zilikuwa sheria mbili zilizobanwa kwenye mstari mmoja. Ngazi za bei zinajibu "nitalipa ngapi". Kima cha chini cha oda kinajibu "utanihudumia au hutanihudumia", na karibu kila mara kina sababu nyuma yake: kufunga, kusafirisha, kufungua robota, kutoza kwa benki. Ukiijua sababu unajua pa kukiandika. Cha kijana huyu mahali pake ni kwenye mstari wa kutuma: "Kutumiwa mkoani: kuanzia doti 20. Dukani: hata doti moja." Ubishi umekwisha, na hajampoteza mteja wa doti nane anayeweza kumwagiza ndugu yake aliyeko Dar aje kuchukua.

Kima cha chini kina swali jingine, nalo ndilo linalonitia kazi kuliko yote: kinahesabiwa juu ya nini? "Majina yote yapo" linamwambia mteja achague. Mama wa Masasi alichagua majina kumi, doti mbili mbili. Hajavunja sheria yoyote iliyoandikwa. Lakini stoo ya kijana inafunga khanga kwa vifungu vya jina moja moja, na kufungua vifungu kumi kwa ajili ya doti ishirini kunamwachia mabaki kumi rafuni.

Kwa hiyo tangazo liseme mambo mawili kwa pamoja: kama majina yanachanganywa ili kufikia ngazi, na kila jina linaanzia ngapi. Tuliandika: "Unaweza kuchanganya majina, zikahesabiwa pamoja. Kwa mzigo wa kutumwa, kila jina kuanzia doti 5." Mwenye doti ishirini anaweza kuchukua majina manne. Mwenye 23 pia ni manne, tano tano na moja yenye nane. Angalia hatukuandika "kila jina kwa tano". "Kwa tano" inasikika kama tano tano, kumi, kumi na tano, na mtu mwenye nane angerudishwa. Kama stoo yako kweli haifungui vifungu, sema hivyo: "Kila jina kwa vifungu vya doti 5: 5, 10, 15." Mfano wa namba tatu unafanya kazi ambayo maelezo marefu hayafanyi.

"Kila" ni neno la kulichunga hata kwenye bei. "Kila korija 230,000" ni ahadi ya korija nzima nzima. Mteja wa doti 25 atauliza zile tano zinalipiwa vipi, na hana pa kusoma. Ngazi iandikwe kwa bei ya doti moja siku zote, na bei ya korija iwe mfano pembeni.

Kodi niitaje kwa ufupi, ingawa inaweza kuwa kubwa kuliko ngazi zote. Asilimia 18 ya 11,500 ni 2,070. Kama bei yako bado haina VAT na hujasema, yule wa korija anaishia kulipa 13,570, juu hata ya ile 12,500 iliyoandikwa kwa mwenye doti sita. Neno "VAT imo" au "VAT haimo" linakaa mstari wa juu kabisa, karibu na "bei kwa doti moja". Nauli ya basi vilevile itajwe ni ya nani.

Limebaki la mzigo kupungua katikati. Mteja ameagiza doti 100, stoo ina 88. Kwa bei gani? Kwa mujibu wa ngazi ni 11,500, na muuzaji asiye na haya atamtoza hiyo. Mimi naona aliyesababisha upungufu ndiye abebe. Mteja alifika ngazi. Stoo ndiyo iliyoshindwa. Kinyume chake, mteja akiagiza 100, akapokea, halafu akarudisha 40 kwa kuwa biashara imelala, bei inarudi kwenye 11,500 kwa zile 60 zilizobaki, la sivyo kila mtu ataagiza mia. Mtego wa tatu ni wa oda mbili: doti 60 Jumatatu, doti 40 Alhamisi, na Ijumaa ujumbe wa kuomba bei ya mia. Tuliandika "Ngazi inahesabiwa kwa oda moja inayolipwa na kutumwa kwa pamoja." Anayetaka kumfikiria mteja wake wa siku nyingi amfikirie kwa simu, tangazo halimzuii.

Haya ndiyo tuliyoyarusha baada ya chai mbili:

```
KHANGA (LESO). Bei kwa doti moja, VAT imo.
Doti 1 = vipande 2.
Doti 1 hadi 5: 14,000
Doti 6 hadi 19: 12,500
Doti 20 hadi 99: 11,500 (korija, doti 20, utalipa 230,000)
Doti 100 na kuendelea: 10,800
Ukifika ngazi, doti zako zote zinapata bei ya ngazi hiyo.
Doti 19 utalipa 230,000. Doti 94 hadi 99 utalipa 1,080,000.
Unaweza kuchanganya majina, zikahesabiwa pamoja.
DUKANI: hata doti moja.
KUTUMIWA MKOANI: kuanzia doti 20, kila jina kuanzia doti 5.
Nauli ya basi ni ya mteja.
Ngazi ni kwa oda moja inayolipwa na kutumwa pamoja.
Mzigo ukipungua kwetu, bei yako haipandi.
Ukirudisha, bei inahesabiwa kwa doti zilizobaki.
```

Ni refu kuliko lile la kwanza, na kijana alilalamika kwamba watu hawasomi. Wanasoma. Mtu anayetuma pesa kabla hajaona mzigo anasoma kila herufi. Asiyesoma ni yule asiyenunua.

Shida moja ilibaki kwenye katalogi ya WhatsApp Business, ambayo inampa muuzaji nafasi ya bei moja tu kwa kila bidhaa. Alikuwa ameweka 10,800, ya kuvutia. Tulibadili tukaweka 14,000, bei ambayo kila mtu anastahili kuipata bila masharti, na ngazi zote zikaingia kwenye maelezo chini ya picha. Kama huuzi rejareja kabisa, weka pale bei ya ngazi yako ya kwanza. Mteja anayekuta bei imeshuka alipofungua maelezo hatakulaumu.

Kabla hujarusha tangazo lako, mpe mtu asiye wa dukani kwako, usimweleze lolote, umwombe malipo ya namba zilizo kwenye mipaka na zile zilizo moja nyuma yake. Kwa tangazo hili tulimpa fundi cherehani wa jirani namba nne: 5, 19, 20 na 99. Alijibu 70,000, 230,000, 230,000 na 1,080,000, bila kuinua kichwa kwenye cherehani zaidi ya mara moja. Lile la zamani alipewa pia. Kwa doti ishirini alitoa majibu mawili, akauliza tuchukue lipi.

Yule mama wa Masasi ametumiwa tangazo jipya. Bado hajajibu.